Mota ya pete au ya koili mbili: Kinachotofautisha feni na majokofu

UKIINGIA katika duka la vifaa vya umeme mjini Mombasa msimu wa kaskazi, si ajabu ukakuta feni mbili za mezani zinazofanana kama shilingi kwa ya pili, lakini moja ina bei ya chini kuliko mwenzake. Mwenye duka atakueleza kuhusu rangi, vitufe na muda wa dhamana. Ni nadra atakapokueleza kuhusu mota, na ilhali hapo ndipo penye tofauti ambayo mnunuzi ataendelea kuilipia kwa miaka.

Feni na vifaa vingi vidogo vya nyumbani huendeshwa na mojawapo ya aina mbili za mota. Ya kwanza ni ile yenye pete za shaba kwenye ncha zake, ambayo katika makala haya tutaiita mota ya pete. Ya pili ina koili mbili zinazosaidiana, nasi tutaiita mota ya koili mbili. Zote hutumia umeme wa kawaida wa nyumbani, na zote zina rota isiyounganishwa na waya wowote. Zinapotofautiana ni katika namna ya kuanza kuzunguka.

Umeme unaoingia nyumbani hubadilisha mwelekeo wake mara kwa mara, na hapa nchini hukamilisha mizunguko 50 kwa kila sekunde. Ukiupitisha katika koili moja, utapata sumaku inayovuta na kusukuma katika mstari mmoja tu, mfano wa mtu anayetikisa mlango mbele na nyuma. Sumaku ya namna hiyo haizunguki. Rota iliyo katikati yake hutetemeka na kuvuma, lakini haina sababu ya kwenda kulia wala kushoto. Jambo la kushangaza ni kwamba ukiisukuma kwa kidole upande wowote, itaendelea upande huo huo na kushika kasi. Kwa hiyo kazi ya mbuni wa mota ni kutafuta kitu cha kushika nafasi ya kidole hicho. Nikola Tesla na Galileo Ferraris walieleza mwaka 1888, kila mmoja kivyake, jinsi mikondo miwili ya umeme inayopishana kidogo kwa wakati inavyoweza kuunda sumaku inayozunguka. Aina zote mbili za mota tunazozungumzia zimejengwa juu ya wazo hilo, ila moja imelitumia kwa ubahili zaidi.

Katika mota ya pete, kila ncha ya chuma imechongwa ufa, na sehemu ndogo ya ncha hiyo ikavishwa pete nene ya shaba iliyofungwa pande zote. Umeme wa koili unapobadilika, nguvu ya sumaku inayopita ndani ya pete huzalisha mkondo wake wenyewe katika shaba hiyo, na mkondo huo hupinga mabadiliko. Matokeo yake ni kwamba sehemu yenye pete huchelewa kidogo kupata sumaku ikilinganishwa na sehemu iliyo wazi. Sumaku huonekana kana kwamba inafagia kutoka upande usio na pete kuelekea upande wenye pete, na rota huifuata. Hakuna swichi, hakuna kapasita, hakuna koili ya pili. Kidole cha kusukuma kimegeuzwa kuwa kipande cha shaba kisichoharibika kwa urahisi.

Hata hivyo, pete hiyo haifanyi kazi bure. Mkondo unaozunguka ndani yake huipasha moto wakati wote mota inapowashwa, hata baada ya rota kushika kasi na kutohitaji tena kusukumwa. Isitoshe, sumaku inayofagia kwa namna hiyo ni dhaifu na ina mapengo. Ndiyo sababu mota ya pete huanza kwa nguvu ndogo, mara nyingi nusu tu ya ile inayotoa ikiwa kazini, na nyingine hazifiki hapo. Ufanisi wake nao ni wa chini mno: aghalabu ni chini ya asilimia 30, na zile ndogo kabisa hubaki karibu na asilimia 10. Umeme uliosalia hugeuka kuwa joto.

Mota ya koili mbili hufuata njia nyingine. Koili kuu imezungushwa kwa waya mnene, na ya pili, iliyowekwa kwa pembe tofauti ndani ya chuma, husaidia kuanzisha mzunguko. Ili mikondo ya koili hizo ipishane kwa wakati, mafundi wa viwandani hutumia mbinu mbili. Mbinu ya zamani ni kuzungusha koili ya kuanzia kwa waya mwembamba wenye ukinzani mkubwa, kisha kuikata kwa swichi mara rota inapofikia takriban robo tatu ya kasi yake. Mota ya namna hii huanza kwa nguvu inayolingana na ile ya kazini au kuipita, na kwa sababu hiyo imetumika katika mashine za kufulia na kompresa za majokofu. Gharama yake ni mkondo mkubwa wa kuanzia, unaoweza kuwa mara sita au zaidi ya mkondo wa kawaida. Ndio unaofanya taa za nyumba zififie kidogo friji inapoanza kuunguruma.

Mbinu ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea katika feni kubwa za kusimama na zile za dari ambazo wengi huziita pangaboi, ni kuunganisha kapasita na koili ya pili na kuiacha hapo muda wote. Hakuna swichi ya kukata. Koili zote mbili hufanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho, na sumaku huzunguka kwa ulaini zaidi, hivyo mota huvuma kidogo na hupoteza umeme kidogo. Katika mota ya ukubwa wa robo ya nguvu ya farasi, ufanisi unaweza kuwa kati ya asilimia 50 na 60. Katika mota ndogo za feni huteremka, lakini bado huzidi ule wa mota ya pete ya ukubwa huo huo.

Hapa inafaa kusahihisha dhana moja ambayo hata baadhi ya mafundi wanayo. Husemwa kwamba mota ya kapasita huanza kwa nguvu nyingi. Si kweli kwa ile ya feni. Kapasita inayobaki kwenye saketi wakati wote huchaguliwa ili mota iende vizuri ikiwa kasini, si ili ianze kwa kishindo, na nguvu yake ya kuanzia mara nyingi haifiki ile ya kazini. Kwa kuanza tu, haiko mbali sana na mota ya pete. Ubora wake huonekana baada ya hapo.

Udhaifu huo wa kuanzia haujaziua mota hizi kwa sababu ya tabia ya feni yenyewe. Panga la feni lililosimama halisukumi hewa yoyote. Upinzani wa hewa huongezeka kadiri ya mraba wa kasi, kwa maana kwamba kasi ikiwa nusu, upinzani ni robo tu. Wakati wa kuanza, mota hupambana na msuguano wa bushi peke yake. Kwa hiyo feni ni mzigo mpole kuliko yote, na hata mota hafifu huumudu. Mpe mota ya pete kazi ya kuzungusha pipa lenye nguo zilizolowa, nayo itavuma tu bila kutikisika.

Lakini upole huo una mpaka, na mpaka wenyewe hujitokeza pale volti zinaposhuka. Nguvu ya kuzungusha katika mota hizi zote hubadilika kadiri ya mraba wa volti. Nyumba iliyo mwishoni mwa laini ndefu, ikipata volti 180 badala ya 240, ina robo tatu ya volti inayostahili, lakini mota yake inabaki na takriban asilimia 56 tu ya nguvu yake. Feni ya pete iliyokuwa ikianza kwa shida tangu awali haitaanza kamwe. Mwenyewe atadhani imeharibika, kumbe jirani akizima jiko lake la umeme, inaanza kuzunguka.

Kuhusu gharama, sababu ya mota ya pete kuwa rahisi ni ya kiwandani zaidi. Katika aina yake ndogo, ambayo chuma chake kina umbo la herufi C, kuna koili moja tu iliyozungushwa kwa mashine kwenye kikopo cha plastiki na kuchomekwa upande mmoja. Pete za shaba hupigwa na kufungwa kwa sekunde chache. Mota ya koili mbili inahitaji seti mbili za nyaya kupenyezwa kwenye mianya ya chuma kwa mpangilio maalumu, kisha iongezwe kapasita au swichi.

Bei ya dukani, hata hivyo, si bei yote. Tuchukue mfano wa jokofu la soda lenye mlango wa kioo, kama yale yanayowashwa usiku na mchana katika maduka ya mitaani. Ndani yake, nyuma ya kabati, mna feni ndogo inayosukuma hewa kupitia mabomba ya baridi. Tuseme panga lake linahitaji wati 9 za nguvu halisi. Mota ya pete yenye ufanisi wa asilimia 20 italazimika kuvuta wati 45 ili kuzitoa wati hizo 9. Mota ya kapasita ya ukubwa huo, ikiwa na ufanisi wa asilimia 30, itavuta wati 30. Tofauti ni wati 15, ambazo kwa mtazamo wa kwanza ni kidogo.

Ila mota hii haizimwi, na imefungiwa ndani ya kabati la baridi. Kila wati inayoingia humo hugeuka kuwa joto, na joto hilo lazima litolewe nje na kompresa. Tukikadiria kwamba kompresa hutumia wati moja kutoa wati mbili za joto, wati 15 zilizopotea zinadai wati nyingine saba na nusu. Jumla ni wati 22.5. Kwa saa 720 za mwezi wa siku 30, hizo ni uniti 16.2 za umeme. Tukifanya hesabu kwa Sh25 kwa kila uniti, mwenye duka analipa Sh405 zaidi kila mwezi, au Sh4,860 kwa mwaka, kwa ajili ya mota inayoenea kwenye kiganja cha mkono. Mota ya kisasa isiyo na brashi, inayoongozwa na saketi ya elektroniki na yenye ufanisi wa takriban asilimia 65, ingevuta wati 14 hivi na kumwokolea karibu maradufu ya kiasi hicho.

Hesabu za aina hii ndizo zilizoisukuma Amerika kutunga sheria ya nishati ya mwaka 2007, iliyoagiza kwamba kuanzia Januari 1, 2009 vyumba vya baridi vinavyotengenezwa nchini humo visitumie tena mota ndogo za pete wala za kapasita katika feni za ndani. Zilizoruhusiwa ni za elektroniki au za umeme wa nyaya tatu.

Sasa geuza mfano huo. Chukua feni ya kutoa hewa ya bafuni inayowashwa kwa saa moja kwa siku. Ikiwa mota ya pete inavuta wati 10 zaidi ya ile ya kapasita, hasara kwa mwezi mzima ni uniti 0.3, yaani Sh7.50 kwa bei ile ile. Atakayelipa mamia ya shilingi zaidi ili kuepuka hasara hiyo atangoja miaka mingi kabla ya kurudishiwa fedha zake. Kwa bafuni, kwa feni inayopoza tanuri ya maikrowevu, na kwa kijifeni cha mezani kinachowashwa kwa nadra, mota ya pete haina mshindani. Kinachoamua ni idadi ya saa, wala si ubora wa mota peke yake.

Mota ya pete ina sifa nyingine ambayo wanaoikosoa huisahau. Ikishikwa isizunguke, labda kwa kitambaa kilichonaswa kwenye panga, mkondo wake hauongezeki sana kuliko wa kawaida. Nyingi zimebuniwa zistahimili hali hiyo bila kuungua. Mota ya koili mbili yenye swichi, ikinaswa, koili yake nyembamba ya kuanzia inaweza kuteketea baada ya muda mfupi, na kwa sababu hiyo hufungwa kinga ya kukata umeme inapopata joto kupita kiasi.

Je, utaitambuaje mota ukiwa na feni mikononi? Ondoa kifuniko cha nyuma baada ya kuchomoa waya ukutani. Ukiona kasha dogo la plastiki, mara nyingi jeusi au jeupe, lililoandikwa namba kama 1.5 na alama ya mikrofaradi, hiyo ni kapasita, na mota ni ya koili mbili. Ukikosa kasha hilo na badala yake ukaona vipande vya shaba inayong'aa vimekumbatia pembe za chuma karibu na rota, hiyo ni mota ya pete.

Utambuzi huo ndio mwanzo wa kutengeneza. Tuseme feni ya kusimama inavuma bila kuzunguka. Jambo la kwanza ni kuichomoa na kulizungusha panga kwa kidole. Likisimama mara moja, kana kwamba limeshikwa, tatizo ni msuguano: bushi zimekauka au zimejaa vumbi. Likiendelea kuzunguka kwa ulaini kwa sekunde kadhaa, bushi ni nzima na kasoro iko katika umeme.

Katika hali hiyo ya pili, washa feni na ulisukume panga kwa kijiti chembamba cha mbao, kamwe si kwa kidole. Feni ya kapasita ikikubali kwenda upande wowote utakaousukumia, koili kuu ni nzima na ile ya pili haipati umeme. Hapo mshukiwa wa kwanza ni kapasita. Fundi mwenye kipimo ataikuta, kwa mfano, imeshuka kutoka mikrofaradi 1.5 hadi 0.6. Ikiwa kapasita ni nzima, basi waya wa koili ya pili umekatika. Kumbuka pia kwamba kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya feni kuchomolewa, na ni sharti itolewe umeme huo kabla ya kushikwa.

Kuna kosa moja linalofanywa mara kwa mara katika vibanda vya kutengeneza. Feni ikiwa dhaifu, fundi huweka kapasita kubwa zaidi, ya mikrofaradi 2.5 pale palipokuwa na 1.5, na kweli feni huanza kwa kasi. Lakini koili ya pili sasa inapitisha mkondo isiotengenezewa, tena bila kupumzika. Mteja huondoka akifurahi, na baada ya muda hurudi na mota yenye harufu ya vanishi iliyoungua. Volti nazo zina umuhimu: volti katika kapasita hupanda juu ya zile za ukutani, kwa hiyo ya kubadilisha iwe ya umeme wa kubadilika na ya volti 400 au zaidi.

Mota ya pete haina kapasita ya kulaumiwa. Ikikataa kuanza huku koili yake ikiwa nzima na volti zikiwa sawa, karibu kila mara kosa ni la bushi. Bushi hizi hutengenezwa kwa shaba nyeusi yenye vitundu vidogo vinavyohifadhi mafuta, na huzungukwa na kipande cha sufi kilicholoweshwa. Matone mawili au matatu ya mafuta ya cherehani, baada ya kusafisha, huirejeshea feni uhai. Mafuta ya kupikia, ambayo wengi huyakimbilia kwa kuwa yako jikoni, huganda na kuwa kama ulimbo, na safari ya pili feni huwa mbaya kuliko mwanzo. Na iwapo baada ya kuunganishwa tena itapuliza hewa kwa nyuma, usitafute waya wa kubadilisha. Mota ya pete huzunguka upande mmoja tu, ule wa kuelekea kwenye pete, na chuma chake kimerudishwa kikiwa kimegeuzwa.

Kompresa ya friji ina ugonjwa wake, na huonekana zaidi umeme unapokatika na kurudi ghafla. Mota yake ya koili mbili huweza kuanza ikiwa msukumo wa gesi pande zote mbili za mabomba umesawazika. Umeme ukirudi baada ya sekunde chache, upande mmoja bado una msukumo mkubwa, nayo mota hushindwa kuuzungusha. Aidha, katika friji nyingi koili ya kuanzia hukatwa na kipande maalumu kinachozuia umeme kikiwa na joto, na kipande hicho hakijapoa. Utasikia mvumo wa sekunde kadhaa, kisha mlio wa “tiki” kinga inapokata, halafu kimya, kisha tena. Chomoa friji, ngoja kama dakika tano, kisha uichomeke. Ikianza bila taabu, mota ni nzima. Ikiendelea na mlio huo hata baada ya kungoja na volti zikiwa timamu, fundi akague kwanza kipande hicho cha kuanzishia, ambacho huchomekwa ubavuni mwa kompresa na hubadilishwa kwa bei nafuu, kabla ya kukubali kwamba kompresa yenyewe imekufa.